Mkono wa Mafuta Sio Koki: Mashine Ikipunguzwa Mwendo, Maji Hayafiki Kilimani



Juzi niliitwa Bugomora kuamua ugomvi wa wanakijiji wawili. Mmoja ana mashine ya maji ya petroli, ile ya inchi mbili ambayo wengi mnaijua. Mwingine ana nyanya kwenye mteremko, juu ya bonde lenye maji. Makubaliano yao yalikuwa kama ya wengi wenu: mkodishaji analipwa kwa saa, na mwenye nyanya ananunua petroli. Nilipofika, mashine ilikuwa imenguruma asubuhi nzima, petroli imekwisha, na nyanya zilizopata maji hazifiki hata nusu.

"Bwana shamba, mashine yake imekufa, halafu anataka hela kamili," akasema mwenye nyanya.

"Mashine ni nzima kabisa," akajibu mwenzake. "Mimi ndiye ninayemwonea huruma. Nimeshusha mkono wa mafuta ili asimalize petroli, na injini yangu nayo isichoke."

Nikainama kwenye injini, nikausukuma mkono wa mafuta hadi mwisho. Baada ya muda mfupi, kule juu ulisikika mpira ukijaa na mtu akapiga kelele kwamba maji yamekuja. Hapo wote wawili wakanigeukia mimi. Mkodishaji alikuwa hajadanganya, lakini alichokiita huruma ndicho kilichommaliza mwenzake.

Msimamo wangu leo ni huu: kwenye mteremko, kushusha mkono wa mafuta hakuokoi petroli, kunaipoteza. Pia nasema kukodisha mashine kwa saa, bila kupima maji yanayofika shambani, ni makubaliano yasiyo ya haki hata kama pande zote mbili ni watu waaminifu. Nitaeleza sababu, na mwisho nitasema tufanye nini.

Tumelirithi wazo kutoka pampu ya kukanyaga

Wengi wetu tulianza na pampu ya miguu, ile ya kukanyaga. Ile ina pistoni. Ukikanyaga polepole unapata maji machache, ukikanyaga haraka unapata mengi, lakini maji yanapanda mlima uleule. Pistoni ikishayashika maji haiyaachii. Itayasukuma juu hata ukikanyaga kwa uvivu, ili mradi una nguvu za kutosha. Kwa hiyo tukazoea kwamba mwendo ni kama koki: funga nusu, pata nusu.

Mashine ya petroli ya inchi mbili au tatu haina pistoni upande wa maji. Ndani yake kuna impela, ambayo mafundi wengine huiita feni. Impela haiyashiki maji. Inayazungusha na kuyarusha kutoka katikati kwenda ukingoni, kama mtu anayerusha jiwe kwa kombeo. Maji yanapanda mlima kwa sababu yamerushwa kwa kasi, na kasi ikipungua, hakuna kinachoyashikilia.

Fikiria jiwe. Ukilirusha juu kwa kasi mara mbili, haliendi juu mara mbili tu, linaenda mara nne. Ukilirusha kwa nusu ya kasi, linafika robo ya kimo cha kwanza. Impela inafuata kanuni hiyohiyo, na ndiyo chanzo cha kanuni tatu ambazo kila mwenye mashine angepaswa kuzijua kama anavyojua bei ya petroli.

Kanuni ya kwanza: wingi wa maji unafuata mwendo mara moja. Mwendo ukishuka hadi 80 kwa 100, maji ambayo impela inaweza kuyasukuma yanashuka hadi 80 kwa 100.

Kanuni ya pili: kimo ambacho maji yanaweza kupanda kinafuata mwendo mara mwendo. Hapo 80 kwa 100 inakuwa 0.8 × 0.8, yaani 64 kwa 100.

Kanuni ya tatu: nguvu inayodaiwa kwa injini inafuata mwendo mara tatu, kwa sababu nguvu ni maji mara kimo. Kwa hiyo 0.8 × 0.8 × 0.8 ni kama 51 kwa 100.

Ukiitazama kanuni ya tatu peke yake, utasema mkodishaji wetu ana haki: amepunguza mwendo kidogo na injini imepumzika nusu. Kosa lake ni kusahau kanuni ya pili. Mlima haukupungua. Mlima uko palepale, na unadai kimo chake chote kabla ya kuruhusu hata tone moja lipite.

Tuhesabu shamba moja

Tuchukue mashine ambayo bango lake linasema kimo cha juu mita 30, maji lita 600 kwa dakika, mwendo mizunguko 3,600 kwa dakika. Kwanza elewa bango hilo. Mita 30 ni pale maji yanaposimama kabisa, hayatoki. Lita 600 ni pale hakuna mlima wala mpira mrefu. Hupati vyote viwili kwa wakati mmoja. Shamba lako liko katikati ya hivyo viwili.

Sasa shamba. Kutoka uso wa maji hadi mdomo wa mpira kule juu, kimo cha kusimama ni mita 18. Mpira ni wa inchi mbili, urefu mita 100. Usishangae urefu huo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, kwa hiyo anayelima inavyotakiwa huanza na mpira mrefu. Na mpira nao unakula kimo, kwa sababu maji yanasuguana na kuta zake. Maji yakipita lita 200 kwa dakika kwenye mpira huo, msuguano peke yake ni sawa na kuongeza mlima wa mita 6 hivi.

Nimeihesabu mashine hiyo kwenye shamba hilo kwa mwendo tofauti. Haya ndiyo maji yanayotoka juu:

Mizunguko 3,600 (mwendo kamili): lita 227 kwa dakika. Pipa la lita 200 linajaa kwa sekunde 53.

Mizunguko 3,240 (90 kwa 100): lita 164. Pipa linajaa kwa sekunde 73.

Mizunguko 2,880 (80 kwa 100): lita 72. Pipa linajaa kwa karibu dakika 2 na sekunde 47.

Mizunguko 2,790 na kushuka: hakuna maji kabisa.

Tazama mstari wa tatu na wa nne. Mwendo umepungua moja ya tano tu, na zaidi ya theluthi mbili za maji zimepotea. Ukishusha kidogo tena, mashine inanguruma, petroli inaungua, na mpira juu umekauka. Kwa sikio huwezi kujua, kwa sababu injini bado inasikika vizuri. Sababu ni kanuni ya pili: mita 30 za bango zimekuwa mita 19 kwa mwendo wa 80, na mlima wenyewe ni mita 18. Imebaki mita moja tu ya kusukuma maji kupita kwenye mita 100 za mpira.

Sasa petroli. Tuseme nyanya zako ni ekari moja na unataka maji ya kina cha milimita 5. Hizo ni lita 20,000 hivi, sawa na mapipa 100. Kwa mwendo kamili utamaliza kwa saa moja na nusu. Kwa mwendo wa 80, utahitaji zaidi ya saa nne na nusu. Hata tukikubali kwamba injini sasa inakula nusu tu ya petroli kwa saa, saa zimeongezeka zaidi ya mara tatu. Nusu mara tatu na kidogo ni moja na nusu. Umetumia petroli mara moja na nusu kuliko yule aliyefungulia mafuta yote, na umelipa kodi ya saa tatu za ziada.

Na hiyo nusu ni kwa kumpendelea mkodishaji. Injini ya petroli haipunguzi ulaji sawasawa na kazi, kwa sababu sehemu ya petroli inatumika kuizungusha injini yenyewe, iwe ina kazi au haina.

Kuna uharibifu mwingine usioonekana. Mashine ikizunguka bila kutoa maji, maji yaleyale yanabaki tumboni mwake yakizungushwa na kupata joto. Gusa bodi ya pampu kwa tahadhari. Ikiwa ya moto wakati mpira juu hautoi kitu, unaichoma sili. Sili ikiharibika, maji yanavuja kwenye shafti, na mwenye mashine ambaye alitaka kuitunza ndiye anayekwenda kuinunua.

Bondeni mambo ni tofauti

Sitaki mtu aondoke hapa akisema bwana shamba kaagiza kila mtu afungulie mafuta yote. Kama shamba lako liko bondeni, na kutoka kwenye maji hadi mferejini ni mita mbili au tatu tu, mlima haupo. Hapo mashine inashindana na msuguano wa mpira, na msuguano hupungua maji yanapopungua. Ukishuka hadi mwendo wa 80, maji yanapungua karibu moja ya tano, lakini kazi ya injini inapungua karibu nusu. Bondeni, kushusha mkono kunaokoa petroli kweli kwa kila pipa. Yule mkodishaji wetu, kama angemwagilia kabichi za bondeni, ningempongeza.

Kwa hiyo sheria yangu fupi ni hii: kimo kikiwa kidogo, unaweza kushusha, kimo kikizidi nusu ya mita zilizoandikwa kwenye bango, usiguse mkono wa mafuta. Ukitaka maji machache kilimani, mwagilia muda mfupi, zima mashine, nenda nyumbani.

Wenye pampu za sola wanaiona kanuni hii kila asubuhi bila kuijua jina. Jua likiwa bado dogo, mota inazunguka, unaisikia, lakini tangi la juu halipati kitu. Kisha jua likiongezeka kidogo tu, maji yanatoka ghafla. Pampu haikuwa mbovu. Ilikuwa haijafikia mwendo wa kuushinda mlima.

Na anayetaka kuongeza mwendo?

Upande wa pili wa kosa ni huu. Mkulima anaona maji hayatoshi, anakwenda kwa fundi, fundi anakaza springi ya gavana ili injini ipite mizunguko 3,600. Au kwa wale wenye injini ya dizeli inayovuta pampu kwa mkanda, fundi anabadilisha puli.

Hesabu ya puli ni rahisi. Mwendo wa pampu ni mwendo wa injini mara kipenyo cha puli ya injini, ugawe kwa kipenyo cha puli ya pampu. Injini ya mizunguko 1,500 yenye puli ya milimita 200, ikivuta pampu yenye puli ya milimita 100, inaizungusha pampu mara 3,000. Fundi akiweka puli ya milimita 90 kwenye pampu, mwendo unakuwa 3,333. Ameongeza moja ya tisa tu. Lakini kimo kimepanda kwa karibu robo, na nguvu inayodaiwa imepanda kwa 37 kwa 100. Injini ya nguvu za farasi 8 iliyokuwa inafanya kazi ya farasi 6 bila shida, sasa inadaiwa farasi 8.2.

Hapo utaona moshi mweusi, mkanda unateleza na kunuka, na maji ya kupoza injini yanachemka. Watu husema dizeli ni chafu. Dizeli haina kosa. Ni milimita 10 za puli.

Na huku kwetu injini haina hata hizo farasi 8 zote. Ziwa Viktoria liko kwenye mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mto Kagera unashuka kwenda huko, kwa hiyo sisi wa Kyerwa na Karagwe tuko juu zaidi. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na taabo hupoteza kama moja ya kumi ya nguvu zake au zaidi kidogo. Hewa hiyohiyo nyepesi inapunguza pia uwezo wa kufyonza. Pampu haivuti maji. Hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma yaingie. Kwa hiyo usiweke mashine zaidi ya mita 5 hivi juu ya maji, na usidhani mwendo utakusaidia kufyonza kutoka shimo refu. Ukiongeza mwendo hapo utasikia sauti kama kokoto ndani ya pampu, na impela itaanza kuliwa.

Kuna njia bora ya kuongeza maji. Rudi kwenye shamba letu la mita 18. Ukiilazimisha mashine izunguke 10 kwa 100 zaidi, utapata lita 280 badala ya 227, kwa gharama ya injini kubeba theluthi ya kazi ya ziada au hata zaidi. Lakini ukiacha mwendo ulivyo, ukabadilisha mpira tu kutoka inchi mbili kwenda inchi mbili na nusu, utapata kama lita 300. Maji mengi zaidi, injini haijaguswa, na mpira hauhitaji petroli. Kwa hiyo kabla ya kumpa fundi hela ya gavana, ipeleke kwenye mpira.

Kama tatizo ni kimo chenyewe, mpira mpana hautatosha. Mlima wa mita 35 hauwezi kupandwa na mashine ya mita 30 hata mpira uwe mpana kama mtungi. Nunua mashine ya kimo kikubwa, au panda kwa hatua mbili: tangi katikati ya mteremko na mashine ya pili hapo.

Kipenyo cha impela: hapa wafanyabiashara nawasemea

Yote niliyosema juu ya mwendo yanahusu pia kipenyo cha impela. Kinachorusha maji ni kasi ya ukingo wa impela. Kasi hiyo inapungua ukipunguza mwendo, na inapungua vilevile ukiweka impela ndogo. Ndani ya bodi ileile, maji hufuata kipenyo mara moja, kimo mara mbili, nguvu mara tatu. Kwa impela kanuni hii ni ya kukadiria, na inafaa kwa mabadiliko madogo, kama moja ya kumi hivi. Ukizidisha, maji yanaanza kurudi nyuma kwenye nafasi iliyobaki kati ya impela na bodi, na hali inakuwa mbaya kuliko hesabu.

Sasa fikiria. Impela ya mashine imevunjika kwa jiwe. Ya awali ilikuwa milimita 120. Mkulima anakwenda dukani, anauliza "impela ya inchi mbili", anapewa inayoingia kwenye shafti na boliti zinakubali. Ni milimita 108. Anafunga, injini inanguruma vizuri, tena inasikika nyepesi kuliko zamani. Lakini shambani maji yameshuka kutoka lita 227 hadi 164 au chini yake, sawasawa na mtu aliyeshusha mwendo hadi 90. Atafungua kabureta, atabadilisha plagi, atalaumu petroli. Tofauti nzima ni milimita 12 ambazo rula ya mwanafunzi ingezionyesha.

Ndugu mfanyabiashara, "inchi mbili" ni upana wa mdomo wa bomba. Haisemi chochote kuhusu impela, wala haisemi mashine inapanda mita ngapi. Mashine mbili za inchi mbili zinaweza kutofautiana kabisa kwa kimo. Unapouza mashine, muulize mteja kwanza: shamba lako liko juu ya maji kwa mita ngapi? Unapouza impela, mwambie aje na ile ya zamani, hata vipande, mpime kipenyo na idadi ya mapanga mezani. Mteja anayerudi na mashine isiyofikisha maji hatakusifia kijijini.

Nawe mkulima, ipime impela yako leo ikiwa nzima, andika kipenyo chake kwa rangi chini ya fremu ya mashine. Siku itakapovunjika vipande hutakuwa na cha kupima.

Jinsi ya kupima bila kifaa cha gharama

Kimo cha shamba unaweza kukipima kwa fito mbili na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Maji kwenye ncha mbili za mpira hukaa usawa mmoja siku zote. Anzia kwenye uso wa maji, simamisha fito, soma tofauti, songa juu, rudia, jumlisha. Mteremko wa mita 18 ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili. Usikadirie kwa macho. Macho ya mtu aliyezoea kupanda mlima huupunguza.

Mashine ipime kwa pipa. Peleka pipa la lita 200 juu shambani, kwenye mdomo wa mpira, si pale mtoni. Fungulia mafuta yote, acha maji yatulie, kisha hesabu sekunde kwa simu. Andika. Ukirudia mwezi ujao na sekunde zimeongezeka wakati mpira na mlima ni vilevile, kuna kitu kimebadilika: mwendo, impela iliyolika kwa mchanga, au hewa inayoingia kwenye bomba la kufyonzea. Unajua mapema, kabla nyanya hazijakuambia.

Turudi kwenye ugomvi wetu

Nilipowaeleza haya, mkodishaji alisema neno la haki: "Bwana shamba, nikiifungulia yote, injini yangu itakufa mapema."

Nikamjibu hivi. Injini yako imeandikwa farasi 5.5. Kazi ya mlima huu, kwa mwendo kamili, haifiki farasi 3. Hata ukiondoa kile ambacho miinuko yetu inakinyima, haijazidiwa. Kinachoua injini hizi ni oili iliyoisha, kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, na mtu anayekaza gavana. Ukomo uliowekwa na gavana ya kiwandani ni salama kwa kazi hii. Kuupita huo ndiko hatari.

Kisha nikawashauri waache kuhesabu saa. Saa inampa mwenye mashine faida pale mashine inapokwenda polepole, na inampa mwenye shamba hasara mbili, ya kodi na ya petroli. Hata mtu mwema akiwekwa kwenye makubaliano ya namna hiyo, ipo siku mkono wake utashuka kwenye mafuta bila yeye kufikiri.

Wahesabu mapipa. Asubuhi, kabla ya kuanza, wanapima pipa moja juu shambani wakiwa wote wawili. Kama linajaa kwa sekunde 53, basi mapipa 100 ni dakika 88, na bei inapangwa kwa mapipa hayo. Katikati ya kazi mwenye shamba ana haki ya kupima tena. Sekunde zikiongezeka, hasara ni ya mwenye mashine, siyo ya mwenye nyanya. Hapo mwenye mashine mwenyewe ndiye atakayefungulia mafuta, atakayesafisha kichujio, na atakayeuliza kipenyo cha impela dukani.

Walikubaliana kujaribu kwa kiangazi hiki. Mwenye nyanya alibaki na petroli ya kununua upya siku ile, na hilo sikuweza kumrudishia. Lakini wewe unayesoma bado hujaichoma ya kwako. Kesho ukifika shambani, kabla ya kuigusa mashine, panda na pipa juu.